Mwombaji ametuma barua mara mbili na mara zote imekatikia pale pale. Nimjibu vipi?

BintiShimanzi (Jumatatu, saa 3:40 asubuhi)

Sabalkheri jamaa. Nipo kwenye kampuni ndogo ya klearingi hapa Shimanzi, na kazi ya kuajiri imeniangukia mimi kwa sababu hatuna idara yake. Tulitangaza nafasi moja ya karani wa hati za forodha. Tumepata maombi 63, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa tarehe 7.

Kuna mmoja alituma Jumanne tarehe 4. Wasifu wake ni mzuri, miaka minne kwenye kazi hii hii. Lakini barua yake inakatika katikati. Neno la mwisho ni "Katika kazi hiyo majukumu yangu yalikuwa:" halafu kimya. Hakuna jina, hakuna namba, hakuna "wako mtiifu". Jumatano nikamwandikia mstari mmoja tu, tuma upya. Alhamisi akatuma, na ikakatikia hapo hapo, kwenye nukta mbili zile zile. Bosi anasema tumwache, mtu asiyeweza kutuma barua ataandikaje hati ya mzigo? Mimi roho inasita. Nimeandika barua hii, hebu niambieni kama ni kali sana:

> Kwa mwombaji,
> Ombi lako limepokewa lakini halijakamilika. Hii ni mara ya pili. Tafadhali kuwa makini na utume ombi kamili mara moja pamoja na nakala ya kitambulisho, cheti cha tabia njema na cheti cha ulipaji kodi. Ukishindwa, ombi lako halitazingatiwa.
> Ofisi

---

Mzee_wa_Kilindini (saa 3:58)

Bosi wako hajakosea. Mimi nimeandika hati tangu enzi za mfumo wa forodha wa Simba, kabla hawajatuletea huu wa iCMS. Ukikosea tarakimu moja kwenye namba ya kontena, mzigo unalala na mwenye mzigo analipia kulala kwake. Vijana wa siku hizi wanaandika barua ya kazi kwa kidole gumba wakiwa ndani ya matatu. Mara ya kwanza bahati mbaya. Mara ya pili ni tabia.

---

Pita_Njia (saa 4:05)

Hiyo nafasi bado ipo? Nina diploma ya uchukuzi na niko tayari kuanza hata kesho.

---

msomaji_Makupa (saa 4:11)

Dada, hiyo ni Gmail tu, wala usisumbuke. Barua ikizidi kilobaiti 102, Gmail inaikata na kukuonyesha sehemu ya mwanzo peke yake. Mtu akinakili barua kutoka Word na kubandika, anabeba takataka nyingi za mtindo wa herufi zisizoonekana, na barua ya ukurasa mmoja inavimba. Shuka mpaka chini utaona maneno `View entire message`. Bonyeza hapo, yote yatafunguka. Kazi imekwisha.

---

BintiShimanzi (saa 4:20)

@msomaji_Makupa hakuna maneno hayo. Wala sisomi kwenye Gmail. Maombi yanakuja kwenye anwani ya kazi, kisha kuna mfumo wetu unayachota na kuyaweka kwenye jedwali: jina, tarehe, barua, viambatisho. Uliandikwa na kijana mmoja miaka mingi iliyopita, naye sasa yuko Doha.

---

Bi_Tudor (saa 4:34)

Mwanangu, mimi nimeajiri watu mahotelini miaka mingi, kuanzia wapishi hadi wahasibu, kwa hivyo nisikilize. Tuiache kwanza barua yake tuitazame yako.

Jiweke kwenye nafasi ya kijana huyo. Amefungua simu, anasoma "halijakamilika". Kipi hakijakamilika? Kwake yeye barua imekamilika, anaiona nzima kwenye sehemu ya barua alizotuma. Kwa hivyo atabahatisha. Atadhani umekosa cheti, au picha ya pasipoti, au sahihi. Atakutumia kila kitu alicho nacho, isipokuwa kile unachokitaka, kwa sababu hukumwambia. Mtu ambaye barua yake imekatika anahitaji kuambiwa jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni maneno ya mwisho uliyoyasoma. Yanukuu kama yalivyo, na nukta mbili zake. Papo hapo ataelewa.

La pili, vyeti. Unadai tabia njema na ulipaji kodi kwa mtu ambaye hujamwita hata kwenye usaili. Tangu Sheria ya Ajira iliporekebishwa mwaka 2022, mwajiri hatakiwi kudai vyeti vya namna hiyo mpaka awe amekusudia kumwandikia mtu mkataba. Watu walikuwa wanakopa fedha kulipia makaratasi ya kazi ambazo hawazipati. Na nakala ya kitambulisho unaitakia nini leo? Ukishaipokea ni mzigo wako kuilinda, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitanii.

La tatu, barua isiyo na jina la mwandishi, inayodai kitambulisho "mara moja" na kutisha. Hapa Mombasa, na matapeli wa kazi za Ghuba walivyotutenda, mwenye akili ataifuta.

---

Kijana_wa_Likoni (saa 4:49)

Bi_Tudor umenena. Mimi yalinikuta. Mwaka jana niliomba kazi kwenye hoteli moja kusini, nikawa naandika barua kwenye kompyuta ya saiba. Nikabonyeza Ctrl na Enter nikidhani nashuka mstari, kumbe ndiyo njia ya mkato ya kutuma. Barua ikaondoka ikiwa na aya moja na nusu. Gmail inakupa sekunde 5 za kughairi kama hujabadilisha mpangilio, na mimi nilizitumia zote kumwangalia jamaa wa saiba kwa mshangao.

Wakanijibu "incomplete application", basi. Nikatuma vyeti vyote, mpaka cha ubatizo. Hawakunijibu tena. Nilikuja kuona miezi baadaye kwamba barua yenyewe ilikuwa imeishia kwenye "Nina uzoefu wa".

---

Fundi_wa_Ganjoni (saa 5:02)

Ngojeni kidogo. Aliyebonyeza vibaya hawezi kukatika mara mbili kwenye herufi ile ile. Kidole hakina shabaha hiyo. Kukatika mahali pamoja mara mbili maana yake barua ilitoka nzima, na kuna kitu upande wa kupokea kinagoma kila kikifika hapo. BintiShimanzi, nina maswali mawili. Barua halisi ipo bado kwenye kisanduku cha anwani ya kazi? Na hao wengine 62, kuna waliopanga majukumu yao kwa orodha yenye vialama mbele?

---

BintiShimanzi (saa 5:15)

Kisandukuni hakuna kitu. Mfumo ukishachota barua unaifuta kule. Kuhusu vialama, wako wengi. Wengine wameweka kistari, na kuna binti mmoja wa Mtwapa ameweka alama ya ✔ mbele ya kila jukumu na barua yake imefika nzima.

---

Fundi_wa_Ganjoni (saa 5:23)

Hapo umenisaidia kuliko unavyojua. Sasa fanya hivi, ni dakika mbili. Kwa simu yako tuma barua mbili kwenye anwani ya kazi. Ya kwanza iwe na mstari huu:

```
kabla ✔ baada
```

Ya pili:

```
kabla 👉 baada
```

Kisha zitazame kwenye mfumo wenu uniambie umeona nini.

---

BintiShimanzi (saa 5:41)

Subhanallah. Ya kwanza imekuja yote. Ya pili imeandikwa "kabla" na hakuna kingine.

---

Fundi_wa_Ganjoni (saa 6:04 mchana)

Basi kijana wako hana kosa. Aliandika "majukumu yangu yalikuwa:", akashuka mstari, akaweka kidole 👉 kama nusu ya Wakenya wanavyofanya kwenye WhatsApp. Hicho kidole ndicho kisu.

Nieleze kwa kifupi. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi baiti. Herufi a ni baiti 1, ile ✔ ni 3, na 👉 pamoja na emoji nyingi za kisasa ni 4. Nina hakika mfumo wenu unatumia MySQL. Kule kuna mpangilio unaoitwa `utf8`, na jina lake ni la uongo kidogo, kwa sababu unapokea herufi za hadi baiti 3 tu. Ikija ya baiti 4, na kama hifadhidata haikuwekwa kwenye hali ya ukali, inahifadhi kilichotangulia, inatupa emoji na kila kilicho nyuma yake, kisha inaandika onyo mahali ambapo hakuna anayesoma. Mtumaji haambiwi. Mpokeaji haambiwi. Wasifu umepona kwa sababu ni faili, unawekwa kando kama ulivyo.

Dawa ni ya zamani. Mpangilio wa `utf8mb4` upo tangu toleo 5.5.3 la mwaka 2010. Mwambie anayeshika seva atazame:

```sql
SHOW CREATE TABLE maombi;
SELECT @@sql_mode;
```

Jina la jedwali anaweza kulikuta lingine. Akiona `CHARSET=utf8` kwenye la kwanza, na kwenye la pili hakuna `STRICT_TRANS_TABLES`, ndiyo hiyo. Achukue nakala ya akiba kwanza, kisha abadilishe jedwali, na asisahau kwamba programu yenyewe inapojiunga na hifadhidata nayo lazima iseme `utf8mb4`. Wengi hubadilisha jedwali peke yake halafu wanashangaa emoji bado inakata.

Lakini elewa, kilichokwisha kukatwa hakirudi. Hakikuhifadhiwa popote kwenu. Kiko kwa waombaji tu.

---

msomaji_Makupa (saa 6:10)

Sawa, lakini ile ya 102 pia ni kweli.

---

Fundi_wa_Ganjoni (saa 6:12)

Ni kweli, na ukiisoma barua kwenye Gmail ndiyo ya kutazama kwanza. Tofauti ni kwamba Gmail inakwambia imekata. Huu mfumo unakata na kunyamaza.

---

Mzee_wa_Kilindini (saa 6:30)

Haya, nimekubali kuhusu kukatika. Ila mtu mzima anayeomba kazi anaweka kidole cha manjano kwenye barua rasmi? Sitetei hilo.

---

Bi_Tudor (saa 6:44)

Mzee wangu, mpunguzie alama kwa kidole ukitaka, lakini mpunguzie baada ya kusoma barua yote.

BintiShimanzi, jambo limegeuka. Barua yako ya asubuhi ilikuwa inamkaripia mtu kwa kosa la nyumba yako. Sasa andika nyingine. Na kabla hujamwandikia yeye, rudi kwenye wale 62 uangalie miisho ya barua zao moja moja. Kidole hicho hakikuwa chake peke yake.

---

BintiShimanzi (saa 10:20 jioni)

Nimezipitia zote. Barua ya kawaida inaishia kwa jina la mtu au namba ya simu. Nimepata nne nyingine zisizo na jina wala namba. Moja inaishia "Mawasiliano:", nadhani aliweka alama ya simu. Nyingine inaishia "Asanteni sana", hii pengine imepoteza jina tu. Jumla watano.

Lililoniumiza ni kwamba mmoja kati yao nilishamtumia barua ya kumkatalia siku ya Ijumaa. Niliandika pembeni ya jina lake, "barua fupi, hana hamu".

Nimeandika upya kwa kijana wa kwanza. Someni:

> Ndugu A.,
>
> Barua yako ya kuomba kazi ya karani wa hati za forodha ilitufikia Jumanne tarehe 4 saa 3:12 usiku, pamoja na wasifu wako wa kurasa 2. Wasifu unafunguka vizuri na umesomeka.
>
> Barua yenyewe imekatikia kwenye maneno haya: "Katika kazi hiyo majukumu yangu yalikuwa:". Baada ya hapo hatukupata kitu. Uliyotuma tena Alhamisi imekatikia hapo hapo. Tumechunguza na kugundua kwamba mfumo wetu wa kupokea maombi hukata barua yenye emoji. Kosa ni letu, na tunakuomba radhi kwa kukufanya utume mara mbili.
>
> Tafadhali andika upya barua yako bila emoji na uitume tena kwenye anwani ya maombi kabla ya Jumanne tarehe 18 saa 11 jioni.

---

Fundi_wa_Ganjoni (saa 10:31)

Aya ya mwisho, hapana. Ukimwambia aitume kwenye anwani ile ile, unamrudisha kwenye kisu kile kile. Atatoa vidole, atasahau ka-emoji ka simu chini, na utapata barua ya tatu isiyo na namba. Mwambie atume kama kiambatisho cha PDF, kwa sababu viambatisho umeona vinapita salama. Na hakikisha akibonyeza kujibu, jibu linakuja kwenye kisanduku chako wewe, si kwenye mfumo.

---

Bi_Tudor (saa 10:50)

Nami naongeza kwenye aya hiyo hiyo. "Andika upya" ni neno la hatari. Wenzake 58 barua zao zilifungwa Ijumaa. Wewe unampa huyu wiki moja ya kuandika mpya, kupeleka kwa shangazi aisahihishe, kuongeza alichosahau. Hao wengine hawakupewa nafasi hiyo. Unachotaka ni barua ile ile ya tarehe 4, na hicho ndicho umwombe.

---

Kijana_wa_Likoni (saa 10:58)

Lakini utajuaje kama hajabadilisha? Mimi ningebadilisha, nasema kweli.

---

Fundi_wa_Ganjoni (saa 11:06)

Kwenye simu ya Android, akifungua barua aliyotuma ndani ya Gmail, vidoti vitatu, `Print`, halafu `Save as PDF`, karatasi inatoka na tarehe na saa ya barua juu yake. Mjanja anaweza kuichezea, sikatai. Ila mtu wa kawaida aliye na barua yake nzima mkononi haoni haja. Mwenye kompyuta anaweza kuipeleka barua yenyewe kwa `Forward as attachment`, hiyo ni ngumu zaidi kuchezewa, lakini usimlazimishe mtu kutafuta saiba kwa kosa lako.

---

BintiShimanzi (Jumanne, saa 2:55 asubuhi)

Nimelala nayo. Aya mbili za kwanza zimebaki. Mwisho sasa ni huu:

> Tunakuomba ufungue barua uliyotuma tarehe 4 kwenye sehemu ya barua ulizotuma, uihifadhi kama PDF jinsi ilivyo bila kubadilisha neno, kisha uiambatishe kwa kujibu barua hii. Usiibandike ndani ya barua, kwa kuwa inaweza kukatika tena. Emoji zilizomo hazitakuharibia.
>
> Tunaisubiri hadi Jumanne tarehe 18 saa 11 jioni. Ombi lako linahesabiwa kuwa limefika tarehe 4, kabla ya siku ya mwisho. Barua hii si ahadi ya usaili. Tutalisoma pamoja na mengine.
>
> Huhitaji kutuma cheti wala kitambulisho kwa sasa, na hakuna malipo yoyote. Ukitaka kuhakikisha kwamba barua hii imetoka kwetu, piga simu kwa namba iliyokuwa kwenye tangazo uniulize kwa jina.

Chini nimeweka jina langu kamili na cheo. Bosi alitaka nifute "kosa ni letu". Anasema ukikiri, mtu akikosa kazi atakuja na wakili.

---

Mzee_wa_Kilindini (saa 3:10)

Hapo bosi ana hoja. Andika "hitilafu ya mitambo" uishie hapo. Na hiyo ya "hazitakuharibia" mimi ningeifuta.

---

Bi_Tudor (saa 3:22)

Mimi ningeyaacha yote mawili. Ulishamtumia Jumatano mstari unaomlaumu. Usipoufuta kwa maneno, ataendelea kudhani simu yake mbovu na ataogopa kutuma tena. Lakini ofisi ni ya bosi wako, na "hitilafu ilikuwa upande wetu" inasema jambo lile lile bila kumshtua. Hiyo ya emoji iache, la sivyo atazifuta kwa woga na hutapata barua ile ile.

Kilichobaki ni yule uliyemkatalia. Umemwandikia?

---

BintiShimanzi (saa 3:40)

Bado. Sijui nimwambie nini. Nimemkatalia, kisha nimwambie samahani sikusoma barua yako?

---

msomaji_Makupa (saa 3:47)

Mwache, umeshamjibu. Ukimfufua unamtia matumaini bure.

---

Kijana_wa_Likoni (saa 3:49)

Asimwache! Mimi ndiye huyo. Ningetaka kujua.

---

BintiShimanzi (Ijumaa, saa 9:15 alasiri)

Kuwapa habari tu. Ndugu A. alipiga simu kwanza kuhakikisha, akaniuliza kwa jina, halafu akatuma PDF baada ya nusu saa. Juu imeandikwa tarehe 4. Vidole vipo saba, na chini ya cha tatu ameandika jinsi alivyokuwa akilinganisha namba za makontena na hati ya meli kabla ya kuingiza kwenye iCMS, jambo ambalo hakuna mwombaji mwingine aliyeliandika. Mzee_wa_Kilindini, ungempenda.

Wawili wengine wamejibu, wa nne simu yake haipatikani. Fundi wa seva alisema jedwali ni `utf8` kama ulivyosema, atalibadilisha wikendi.

Wa tano nimemwandikia rasimu tatu na zote nimezifuta.

---

Bi_Tudor (saa 9:31)

Anza na maneno ya mwisho uliyoyasoma kwenye barua yake, kama ulivyofanya kwa mwenzake. Yatakayofuata yatakuja yenyewe. Na itume leo, ofisi hazijafungwa.